Mikia ya t: Shayiri, Kadi 3000, na kwa nini 1.96 inakudanganya ukiwa na namba nne tu

Wasee, kuna namba moja ambayo kila mtu aliyewahi kukaa kwenye darasa la takwimu anaikumbuka hata kama amesahau sura ya mwalimu. Namba hiyo ni 1.96. Unaikariri, unaiandika kwenye mtihani, unapata alama, maisha yanaendelea. Halafu wiki inayofuata unaambiwa, hapana, leo tumia jedwali lile la nyuma ya kitabu, la t, na ukiwa na sampuli ya watu wanne namba yako sasa ni 3.182. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa "kwa sababu sampuli ni ndogo." Basi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hiyo "basi" haijawahi kunitosha. Jibu kamili lipo, na si gumu. Lina historia tamu inayoanzia kwenye kiwanda cha bia, na linahusu mmea unaolimwa hapa hapa kaunti yetu. Msimamo wangu ni huu: namba kubwa za lile jedwali ni bei unayolipa kwa kutojua kitu fulani, na mtu akikuficha bei hiyo, kuna mtu mwingine mahali fulani atailipa kwa niaba yako. Mara nyingi ni mkulima.

Shamba nne za Mau Narok

Ukitoka Nakuru mjini, ukapita Njoro na kuendelea kupanda juu, unafika Mau Narok. Kule ni baridi, na mashamba ni ya ngano, viazi na shayiri. Shayiri ndiyo nafaka inayotengenezewa kimea, na kimea ndicho kinachotengeneza bia. Kwa hivyo hata kama umezaliwa Free Area na hujawahi kushika jembe, pengine umeshakutana na shayiri kwenye chupa.

Sasa tuseme kuna mbegu mpya ya shayiri, na muuzaji anadai inazaa kuliko ile ya zamani. Wakulima wanne wanakubali kujaribu. Kila mmoja anagawa kipande cha shamba mara mbili: upande mmoja mbegu mpya, upande wa pili ya zamani, udongo ule ule, mvua ile ile, mbolea ile ile. Wakivuna, kila mmoja anahesabu tofauti ya magunia kwa ekari, yaani mpya kutoa zamani. Namba nimezitunga ili hesabu iwe rahisi: wa kwanza kapata 4 zaidi, wa pili 0, wa tatu 3, wa nne 1.

Wastani ni 2. Magunia mawili zaidi kwa ekari, si mchezo. Lakini mmoja alipata nne na mwingine hakupata kitu, kwa hivyo swali ni hili: je, hii 2 ni kazi ya mbegu, au ni bahati tu ya shamba hizi nne?

Kujibu, tunahitaji kujua shamba zinatofautiana kiasi gani kwa kawaida. Tunachukua umbali wa kila namba kutoka kwa wastani: 2, −2, 1 na −1. Tunazidisha kila moja kwa yenyewe, tunajumlisha, tunapata 10. Tunagawa kwa 3 (kwa nini 3 na si 4, subiri kidogo), tunapata 3.33, na kipeuo chake cha pili ni 1.83. Hicho ndicho kipimo cha mtawanyiko, kinaitwa s. Halafu tunapima wastani wetu uko mbali na sifuri mara ngapi:

```
t = wastani / (s / √n)
t = 2 / (1.83 / √4) = 2.19
```

Ukitumia 1.96 uliyokariri, 2.19 imeipita. Sherehe! Mbegu inafanya kazi, chapisha mabango. Ukitumia 3.182 ya jedwali la t, 2.19 haijafika hata karibu, na jibu ni kwamba bado hatuna ushahidi wa kutosha. Data ni zile zile, wakulima ni wale wale, lakini majibu ni mawili tofauti kabisa. Mmoja kati ya hao wawili anakudanganya, na ili tujue ni nani lazima tuende Dublin.

Jamaa wa kiwanda cha bia

Mwaka 1899 kiwanda cha Guinness huko Dublin kilimwajiri kijana wa Kiingereza wa miaka 23 aitwaye William Sealy Gosset. Alikuwa amesoma kemia na hesabu Oxford. Kazi yake ilikuwa bia, lakini bia inaanza shambani, kwa hivyo maisha yake yalijaa shayiri: aina gani inazaa zaidi, ipi inatoa kimea kizuri, ipi ilimwe wapi.

Shida yake ilikuwa ile ile ya Mau Narok. Shayiri inavunwa mara moja kwa msimu. Kila kiwanja cha majaribio ni pesa, ardhi na mwaka mzima wa kusubiri. Hakuna vile angepata vipimo 1000. Alikuwa na vinne, sita, labda kumi.

Wakati huo mkubwa wa takwimu Uingereza alikuwa Karl Pearson wa London, na mbinu zake zilitegemea sampuli kubwa, mamia kwa maelfu ya vipimo. Ukiwa na maelfu, ule mtawanyiko unaoupima kwenye data yako unakaribia sana mtawanyiko wa kweli, kwa hivyo unauchukulia kama ndio wenyewe na kutumia mchoro wa kengele bila wasiwasi. Pearson hakuona haja kubwa ya kuhangaika na sampuli za watu wanne. Gosset alikuwa na haja, kwa sababu huo ndio uliokuwa mkate wake.

Mwaka 1906 hadi 1907 kiwanda kilimruhusu aende London kusoma kwa Pearson. Mwezi Machi 1908 akachapisha makala kwenye jarida la Biometrika kuhusu makosa ya wastani unaotokana na sampuli ndogo. Kiwanda hakikutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao, kwa hivyo alijiita "Student," yaani mwanafunzi. Ndiyo maana hadi leo vitabu vinasema t ya Student. Wengi hudhani huyo Student ni jina la ukoo la profesa fulani, kumbe ni mfanyakazi wa kiwanda aliyejificha.

Kitu kinachonifurahisha kwenye ile makala ni kwamba hakutosheka na hesabu za karatasi tu. Alitaka kuona kwa macho. Alichukua vipimo vya urefu wa wafungwa 3000 na urefu wa kidole chao cha kati cha mkono wa kushoto, data ambayo mtu mwingine alikuwa ameshaichapisha. Akaviandika kwenye vipande 3000 vya kadi. Akachanganya kadi kama mtu anayecheza karata, akazichomoa moja moja, na kila kadi nne zilizofuatana akaziita sampuli moja. 3000 ukigawa kwa 4 unapata sampuli 750. Kila sampuli akatafuta wastani wake na mtawanyiko wake, kwa mkono, bila kompyuta.

Uzuri ni huu: kwa sababu alikuwa na kadi zote 3000, alijua wastani wa kweli. Kwa hivyo angeweza kuangalia kila sampuli ya nne na kuuliza, "wewe umekosea kwa kiasi gani, ukijipima kwa s yako mwenyewe?" Mchoro uliotoka haukuwa ule wa kengele wa kawaida. Katikati ulikuwa na nundu kama kengele, lakini pembeni, kule mbali, kulikuwa na sampuli nyingi kuliko zinavyotakiwa kuwa. Mikia ilikuwa mizito. Na ulilingana vizuri na mchoro aliokuwa ameukisia kwa hesabu.

Uzito wa mikia unatoka wapi

Hapa ndipo watu wengi huruka, na hapa ndipo pana utamu. Angalia tena ile hesabu ya t. Juu kuna wastani, chini kuna s. Mchoro wa kengele na ile 1.96 yake vimetengenezewa hali ambapo namba ya chini haitikisiki, yaani unajua mtawanyiko wa kweli wa shamba zote. Kinachotikisika ni cha juu tu. Lakini sisi hatuujui. Tumeupima kutoka kwa shamba zile zile nne. Kwa hivyo chini pia panatikisika, na kila s inayotoka ndogo kwa bahati tu inalipua jibu.

Chukua mfano. Tuseme mbegu mpya haina faida yoyote. Wastani wa shamba zako nne umetoka mbali na sifuri kidogo, kiasi cha 1.2 ukiupima kwa mtawanyiko wa kweli. Hiyo si ajabu hata kidogo. Kwenye mchoro wa kengele umbali wa 1.2 au zaidi, upande wowote, hutokea karibu mara 23 kati ya 100. Sasa kwa bahati mbaya shamba zako nne zimefanana sana, na s yako imetoka nusu ya ile ya kweli. Ukigawa kwa nusu, jibu linazidishwa mara mbili. 1.2 imekuwa 2.4. Kitu cha kawaida kabisa kimevaa suti na kujiita ugunduzi.

Utasema, "Lakini wakati mwingine s itatoka kubwa kuliko ya kweli, si hayo mawili yanafutana?" Hayafutani, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ni hesabu ya kugawa. s ikipungua kwa asilimia 50, t inakuwa mara 2. s ikiongezeka kwa asilimia 50, t inapungua hadi thuluthi mbili tu. Kupungua kwa s kunakurusha mbali sana, kuongezeka kwa s kunakuvuta ndani polepole. Mizani haiko sawa.

Ya pili ni kwamba ukiwa na sampuli ya nne, s hutoka ndogo kuliko ya kweli mara nyingi zaidi kuliko inavyotoka kubwa. Kama data zinafuata mchoro wa kengele, karibu mara 61 kati ya 100 s itakuwa chini ya mtawanyiko wa kweli. Na karibu mara 14 kati ya 100, yaani moja kati ya saba, itakuwa chini ya nusu yake. Ukifikiria, inaeleweka: ili uone mtawanyiko wote lazima ukutane na zile shamba za ajabu za pembeni, na ukichukua nne tu ni rahisi kuzikosa. Siku ukikutana nayo moja, s inaruka juu sana. Siku nyingi hukutani nayo, na s inakaa chini ikijifanya dunia imetulia.

Ndiyo maana mimi hupenda kuufikiria mgawanyo wa t kama kengele nyingi zilizochanganywa kwenye sufuria moja. Kila s inayowezekana inatoa kengele yake: s kubwa inatoa kengele nyembamba, s ndogo inatoa kengele pana. Ukizichanganya zote, zile nyembamba zinajaza katikati, na zile pana zinaenda kujaza pembeni. Pembeni ndipo mikia. Hakuna uchawi.

Na si uzito wa kuchezea. Uliza swali hili: kama mbegu haina faida, ni mara ngapi jibu litavuka 4 upande wowote? Kwenye mchoro wa kengele ni karibu mara 6 kati ya 100,000. Kwenye t ya sampuli ya nne ni karibu mara 2,800 kati ya 100,000. Kitu ambacho kengele inakuita muujiza, t inakuambia hicho hutokea, tulia.

Digrii za uhuru ni nini hasa

Sasa ile 3 tuliyogawia badala ya 4. Rudi kwenye umbali wa shamba zetu kutoka kwa wastani: 2, −2, 1, −1. Zijumlishe. Unapata sifuri. Na si bahati, kila mara utapata sifuri, kwa sababu wastani ndio sehemu ya katikati inayosawazisha juu na chini.

Maana yake ni kwamba nikikuambia tatu za kwanza, 2, −2 na 1, huna haja ya kuniuliza ya nne. Lazima iwe −1. Ya nne haina uhuru, imefungwa mikono. Kwa hivyo ingawa una shamba nne, habari huru ulizo nazo kuhusu mtawanyiko ni tatu. Hizo ndizo digrii za uhuru. Umetumia moja kununua wastani.

Jambo hili Gosset mwenyewe hakuliweka wazi hivyo mwaka 1908. Aligawa kwa n nzima. Aliyelinyoosha ni Ronald Fisher, ambaye mwaka 1912 akiwa bado mwanafunzi Cambridge, kijana wa miaka 22, alimwandikia Gosset akimpa uthibitisho kamili wa hesabu uliokuwa umekosekana. Alifikia hapo kwa kuiwazia sampuli kama nukta kwenye anga lenye vipimo vingi. Gosset alimpelekea Pearson huo uthibitisho, na Pearson hakuvutiwa. Fisher aliendelea tu, na kufikia 1925 mgawanyo wenyewe ulikuwa umepata umbo tunalolijua leo, lenye herufi t na digrii za uhuru, na Gosset akatengeneza majedwali mapya.

Kwa hivyo digrii za uhuru si maneno ya kutisha ya kwenye mtihani. Ni hesabu ya jinsi unavyoujua ule mtawanyiko. Ukiwa nazo chache, s yako inayumba, kengele kwenye sufuria zinatofautiana sana, mikia inakuwa mizito. Ukiwa nazo nyingi, s inatulia karibu na ukweli, kengele zote zinafanana, na mchanganyiko unarudi kuwa kengele moja. Ile hatari ya s kuwa chini ya nusu ya ukweli, ambayo kwa shamba 4 ilikuwa moja kati ya saba, kwa shamba 11 ni chini ya moja kati ya 100, na kwa shamba 31 unaweza kuisahau kabisa.

Namba za jedwali zinafuata hadithi hiyo hiyo. Namba ya kizingiti ni ile unayotakiwa kuivuka ili tukuamini, huku tukikubali kudanganyika mara 5 tu kati ya 100. Mikia ikiwa mizito, lazima uende mbali zaidi ndipo zibaki hizo 5 nje. Ukiwa na digrii 1 ya uhuru, yaani shamba mbili tu, kizingiti ni 12.706. Ndiyo, kumi na mbili. Digrii 3 ni 3.182. Digrii 10 ni 2.228. Digrii 30 ni 2.042. Digrii 120 ni 1.980. Na 1.96 uliyokariri iko mwisho kabisa wa jedwali, kwenye mstari wa digrii zisizo na mwisho. Ni namba ya mtu anayejua mtawanyiko wa kweli, na ukiwa na shamba nne wewe si mtu huyo.

Huna haja hata ya kitabu. Kwenye Excel au Google Sheets andika hivi, ubadilishe 3 iwe digrii zako:

```
=T.INV.2T(0.05, 3)
```

Angalia pia vile kushuka kunavyopungua kasi. Kutoka digrii 1 hadi 3 umepunguza zaidi ya 9. Kutoka 30 hadi 120 umepunguza 0.06 tu. Hapo ndipo ulipotoka ule usemi wa madarasani kwamba "ukifika 30 tumia kengele." Kwenye 30 hakuna mlango wowote unaofunguka. Ni mteremko ambao umeshakuwa mpole, na mtu fulani akaamua tofauti ya asilimia 4 haimsumbui. Lakini kompyuta haichoki kutafuta 2.042, kwa hivyo mbona usiitumie?

Nani analipa

Turudi juu Mau Narok na ile t ya 2.19. Sasa tunaweza kusema ni nani alikuwa anadanganya, na kwa kiasi gani. Ukiwa na shamba nne na ukitumia 1.96, unadhani unadanganyika mara 5 kati ya 100. Ukweli ni karibu mara 14 au 15. Fikiria kampuni inayopima mbegu 100 ambazo hazina tofauti yoyote na ya zamani. Kwa t, karibu 5 zitapita kwa bahati. Kwa 1.96, karibu 14 hadi 15 zitapita. Nusu yake zitaonekana mbaya na kutupwa, na nusu, kama saba hivi, zitaonekana bora. Hizo saba zinaingia kwenye pakiti zenye picha nzuri, na mkulima anakopa ili azinunue. Hakuna aliyesema uongo mahali popote. Ni namba moja tu ilichukuliwa kutoka mstari usiofaa wa jedwali.

Ukitaka kuona kwa njia nyingine, tafuta masafa ambamo faida ya kweli inaweza kuwa. Kwa 1.96 unapata kutoka 0.2 hadi 3.8, yote juu ya sifuri, raha tupu. Kwa 3.182 unapata kutoka −0.9 hadi 4.9. Hiyo ya pili inakuambia kitu cha kweli: labda mbegu ni nzuri sana, labda inakutoa karibu gunia moja, shamba nne haziwezi kusema.

Na dawa ipo. Tuseme wanafanya tena na wakulima 16, na kwa mfano wastani na s zimetoka zile zile, 2 na 1.83. Mambo mawili yanabadilika kwa pamoja. Unagawa s kwa √16, yaani 4, badala ya 2, kwa hivyo wastani wako umekuwa thabiti mara mbili na t inapanda hadi 4.38. Halafu digrii za uhuru sasa ni 15, na kizingiti kimeshuka hadi 2.131. Masafa yanakuwa kutoka 1.0 hadi 3.0. Hapo sasa unaweza kumwangalia mkulima machoni.

Mahali ambapo t haikuokoi

Nisimpambe Gosset kupita kiasi. t inalipia kosa moja tu, lile la kutojua mtawanyiko. Makosa mengine hailipii.

Hesabu zake zinachukulia kwamba namba zenyewe zinatoka kwenye mchoro unaokaribia kengele. Ukiwa na shamba nne huwezi hata kukagua hilo vizuri, maana namba nne hazichori umbo lolote. Kukiwa na shamba moja la ajabu, tuseme faida zimetoka 2, 2, 3 na 15, wastani unapanda, lakini s nayo inalipuka, na t inashuka hadi karibu 1.7. Ukiona wastani mkubwa na t ndogo, usikimbilie kulaani jedwali, kwanza nenda ukaangalie hilo shamba lenye 15.

Pia inachukulia kila shamba linajitegemea. Ukichukua ploti 16 lakini zote ziko kwenye shamba moja, mvua moja, mteremko mmoja, usijidanganye kwamba una digrii 15 za uhuru. Jedwali litakupa 2.131 bila kujua umeliibia. Na kama muuzaji mwenyewe ndiye aliyechagua upande wenye rutuba upandwe mbegu yake, hakuna kizingiti duniani kitakachorekebisha hilo. Gosset alilijua vizuri, na sehemu kubwa ya maisha yake, hadi alipofariki mwaka 1937, aliitumia kuhangaikia namna ya kupanga viwanja vya shayiri shambani, mbegu mbili zikiwa bega kwa bega, ili ulinganisho uwe wa haki kabla hata hesabu haijaanza.

Kwa hivyo mtu akija na "tumejaribu, inafanya kazi," iwe ni mbegu, ni dawa ya ngozi, au ni mtu anayekuuzia siri ya kupata watazamaji baada ya video zake nne, usimuulize wastani kwanza. Muulize alijaribu mara ngapi, na zile mara zilitofautiana kiasi gani. Akisema nne, basi anahitaji kuvuka 3.182, si 1.96. Akikuambia hizo ni kelele za darasani, kumbuka aliyezianzisha alikuwa mtu wa kiwanda, mwenye viwanja vichache vya shayiri na bosi anayesubiri jibu.